Majina ya filamu fupi huandikwa kabla ya kamera kuwashwa

*Sekunde 32 za mwanzo na 38 za mwisho zinaweza kuiingiza filamu tamashani au kuifungia mlango. Makala haya yanaeleza jinsi zinavyoandikwa, zinavyopimwa na zinavyofungamanishwa na muziki.*

Filamu imeshakatwa na rangi zimeshasawazishwa. Kuanzia fremu ya kwanza hadi picha ya mwisho ya hadithi ni dakika 14 na sekunde 6. Limebaki jambo moja linalodhaniwa kuwa dogo, nalo ni orodha ya watu walioitengeneza. Mhariri anaibandika mwishoni, anaipandisha polepole ili kila mtu aonekane, kisha anatazama urefu wa kazi nzima: dakika 15 na sekunde 32.

Tamasha la Filamu la Cannes hupokea filamu fupi zisizozidi dakika 15, majina ya mwanzo na ya mwisho yakiwamo. Mhariri anaongeza kasi ya orodha hatua moja na urefu unashuka hadi dakika 15 na sekunde 3 na nusu. Bado filamu imezidi.

Sasa mwongozaji ana njia tatu, na hakuna iliyo nzuri. Anaweza kukata tukio ambalo watu walilitolea jasho. Anaweza kufuta majina ya watu waliofanya kazi. Au anaweza kuipandisha orodha kwa kasi ambayo hakuna jicho litakaloisoma.

Filamu hiyo ni ya mfano, na tumeiita *Kalafati* ili msomaji afuate hesabu hatua kwa hatua. Inamhusu fundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja, ambaye kijana wake hataki kurithi nyundo. Tatizo lenyewe linawakumba watayarishaji wengi wa filamu fupi, na chanzo chake ni kimoja: majina na muziki wake havikuandikwa kwenye skripti.

Yalikotoka majina haya

Katika miongo ya mwanzo ya sinema, majina karibu yote yalitangulia filamu. Yalikuwa kadi tulivu zilizopita mfululizo, na mwisho ukawa neno moja au mawili tu kabla ya taa kuwaka. Watazamaji waliyachukulia kama muda wa kutafuta kiti.

Mwaka 1955 mchoraji wa Marekani, Saul Bass, aliligeuza jambo hilo katika filamu *The Man with the Golden Arm*. Michirizi myeupe ilicheza juu ya weusi pamoja na muziki wa jazi, na mwisho wake ukawa mkono uliopinda. Makopo ya filamu yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa na agizo kwa waendesha mashine: pazia lifunguliwe kabla ya majina kuanza. Tangu hapo majina yakahesabiwa kuwa sehemu ya hadithi.

Miaka mitano baadaye, katika *Psycho* ya mwaka 1960, Bass aligawanya skrini kwa mistari iliyokatana, huku Bernard Herrmann akiandika muziki wa ala za nyuzi peke yake. Hakuna mauaji yaliyokwisha kuonyeshwa, lakini mtazamaji tayari ana wasiwasi. Mistari na nyuzi zilikuwa zimefanya kazi ambayo mazungumzo yasingeweza kuifanya kwa muda ule.

Kuhamishia majina mwishoni nako kulizua mgogoro. George Lucas alipoweka jina la mwongozaji mwishoni mwa filamu ya pili ya *Star Wars* mwaka 1980, chama cha waongozaji cha Marekani kilitoza faini. Lucas aliilipa, kisha akajitoa chamani. Leo filamu nyingi hufanya alivyofanya yeye.

Mwaka 2017 Netflix iliweka kitufe cha kuruka utangulizi. Kwa tamthilia yenye vipindi vingi, mtazamaji hupoteza kidogo akikibonyeza. Filamu fupi iko katika hali nyingine, kwa sababu utangulizi wake huonekana mara moja tu na ndani yake huenda mna habari ambazo hadithi inazitegemea.

Pande mbili za meza

Kuhusu majina ya mwanzo, watengenezaji wa filamu fupi wamegawanyika, na kila upande una hoja yenye uzito.

Upande wa kwanza unataka majina yatangulie. Mwigizaji mkuu wa filamu fupi mara nyingi amelipwa kidogo au hakulipwa kabisa, na jina lake juu ya picha ya kwanza ndilo malipo atakayoyaonyesha anapotafuta kazi nyingine. Mfadhili naye huwa ameandika katika mkataba kwamba nembo yake itangulie. Kuyapuuza hayo ni kuvunja ahadi.

Upande wa pili unatetea saa. Katika filamu ya dakika 12, utangulizi wa sekunde 90 ni sehemu moja ya nane ya kazi nzima. Anayechagua filamu za tamasha ana nyingine nyingi za kutazama siku hiyo hiyo, na huanza kupima tangu sekunde ya kwanza. Nembo nne zinazofuatana, kila moja na mlio wake, humwambia kwamba hadithi haijaanza.

Baada ya kuzipima hoja hizo, mwandishi huyu anaona njia ya kati inayotendeka. Nembo zote ziwekwe kimya katika kadi moja. Mwanzoni yabaki majina ambayo mkataba unayadai, pamoja na jina la filamu na la mwongozaji. Wengine wote waende mwisho, na huko wapewe nafasi ya kusomeka kwa heshima.

> Nembo nne zenye milio minne humwambia mteuzi wa tamasha kwamba hadithi haijaanza.

Uamuzi huo sharti ufanywe kabla ya kupiga picha, kwa sababu majina yanahitaji mahali pa kukaa. Mpiga picha akijua kwamba jina la mwigizaji litakuwa upande wa kushoto, ataacha theluthi ya kushoto ikiwa tupu na yenye rangi moja. Asipojua, atapanga mikono ya fundi katikati, nyuma yake mbao na kamba na jua, na mhariri atalazimika kubandika herufi juu ya vurugu.

Nyundo inapotoa mwendo

Katika *Kalafati*, picha ya kwanza ni mzee anayeziba nyufa za jahazi. Pamba iliyotiwa mafuta inasukumizwa kati ya mbao kwa patasi na nyundo. Mlio huo ndio wenye hadithi, kwa hiyo hauna sababu ya kufunikwa na muziki wowote. Muziki ndio unaopaswa kuufuata.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Siku ya kupiga picha, fundi sauti anarekodi nyundo peke yake kwa dakika moja na zaidi, kamera ikiwa imezimwa. Tuseme mapigo yanakaribia 75 kwa dakika. Namba hiyo anapewa mtunzi wa muziki, naye ataandika kwa kasi hiyo hiyo. Mapigo machache ya fundi yatakayotangulia au kuchelewa, mhariri atayasogeza kwa fremu moja mbili bila sikio kugundua.

Hatua ya pili ni kugeuza mapigo kuwa fremu. Filamu nyingi za sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, ilhali televisheni ya Afrika Mashariki imezoea 25. Tukichukua 25, dakika moja ina fremu 1,500. Gawanya kwa mapigo 75, kila pigo linapata fremu 20 kamili. Mzunguko wa mapigo manne ni fremu 80, yaani sekunde 3 na fremu 5.

Mzunguko huo ndio kipimo cha kadi moja. Jina likifunguka kwa fremu 8 na kufifia kwa fremu 8, linabaki waziwazi kwa fremu 64, ambazo ni sekunde mbili na nusu na ushei. Jina la maneno mawili au matatu husomeka kwa muda huo mara mbili bila haraka. Hicho ndicho kipimo cha zamani cha mezani kwa mhariri: soma kadi mara mbili kwa mwendo wa kawaida, na ukimaliza kabla haijaondoka, muda unatosha.

Sasa utangulizi unaweza kuandikwa kwenye skripti kama tukio lingine lolote. Namba ya kwanza ni sekunde, ya pili ni fremu.

00:00 Giza. Nyundo ya kalafati peke yake.

03:05 Juu ya giza, kadi moja: jina la kampuni na nembo ya mfadhili. Nyundo inaendelea.

06:10 Picha inafunguka kwa kukatwa. Mikono ya mzee, pamba, patasi. Hakuna maandishi. MUZIKI M1 UNAINGIA: udi, sauti ya chini.

09:15 Mbao za jahazi, kushoto kukiwa wazi. Jina la mwigizaji wa kwanza.

12:20 Jua kati ya mbavu za jahazi. Jina la mwigizaji wa pili.

16:00 Uso wa mzee. Ametazama nje ya picha. Hakuna maandishi.

19:05 Jahazi zima, kwa mbali. Jina la filamu: KALAFATI. Linaingia kwa kukatwa, juu ya pigo la kwanza la mzunguko. Ngoma inaingia.

22:10 Picha ile ile. Nyundo inanyamaza, jina linabaki kwa mapigo mawili zaidi, kisha linafifia.

25:15 Kijana amesimama mlangoni, simu mkononi. "Imeandikwa na kuongozwa na", na jina.

28:20 Udi unafifia. Hakuna maandishi. Kijana anavuta pumzi.

32:00 MUZIKI M1 UNAISHA. Neno la kwanza la mazungumzo.

Kila mstari una sababu yake. Muziki hauingii sekunde ya kwanza, kwa kuwa nyundo inahitaji kusikika kama kazi kabla haijasikika kama ngoma. Jina la filamu limepewa mzunguko mmoja na nusu kabla ya kufifia. Mizunguko mitano kati ya kumi haikuanzishiwa maandishi mapya, ili jicho lipate kutazama picha.

La mwisho linahitaji msisitizo. Mhariri mgeni wa kazi akishagundua kwamba maandishi yanakaa vizuri juu ya pigo, huweka badiliko kila pigo: picha inakatwa juu yake, jina linaingia juu yake, rangi inabadilika juu yake. Baada ya sekunde kumi mtazamaji ameshatabiri kila kitu na ameacha kutazama. Ndiyo maana pigo zito kuliko yote limewekewa jina la filamu peke yake, na ndiyo maana jina hilo linaingia kwa kukatwa huku mengine yakifunguka taratibu.

Kingine cha kuangalia ni maneno. Jina la mtu lisiwekwe juu ya picha ambamo mhusika anazungumza. Mtazamaji atasoma au atasikiliza, na chochote atakachochagua, kingine kimepotea. Filamu ikienda nje na kutiwa tafsiri chini ya picha, msongamano huo unakuwa mara mbili.

Hesabu ya orodha inayopanda

Turudi kwenye zile dakika 15 na sekunde 32, kwa kuwa sekunde zilipopotelea panaweza kuonekana kwa hesabu.

Skrini ya HD ina mistari 1,080 ya nukta kutoka juu hadi chini. *Kalafati* ina majina 46. Ukiongeza vichwa vya idara na nafasi za kupumzika, orodha inafika safu 60, kila safu ikichukua nukta 54. Urefu wake ni nukta 3,240. Lakini orodha huanza ikiwa chini ya skrini na kumalizika ikiwa imetoka juu, kwa hiyo husafiri urefu wake na urefu wa skrini: nukta 4,320.

Ikipanda nukta 2 kwa kila fremu, inachukua fremu 2,160, yaani sekunde 86 na kidogo. Hiyo ndiyo kasi ambayo mhariri wetu alianza nayo. Kwa nukta 3 inachukua sekunde 57.6. Kwa nukta 4 inachukua sekunde 43.2, na filamu inaingia ndani ya dakika 15, ila kila jina linabaki kwenye skrini chini ya sekunde 11 likiwa mwendoni.

Hapo ndipo wengi hufanya kosa ambalo halionekani kwenye kompyuta ndogo. Wanaiambia programu ya kuhariri kwamba orodha ichukue sekunde 60 kamili. Programu inatii: inagawanya nukta 4,320 kwa fremu 1,500 na kupata nukta 2.88 kwa fremu. Hakuna nukta yenye sehemu. Basi programu inarusha nukta 3 mara nyingi na 2 mara nyingine, au inachanganya nukta jirani. Kwenye skrini kubwa herufi zinatetemeka, na kingo zake zinaonekana kama zimeandikwa mara mbili.

> Usichague sekunde kwanza. Chagua nukta kamili kwa kila fremu, kisha ukubali sekunde zitakazotoka.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Keti mbali na skrini kama mtazamaji wa ukumbini, shikilia jicho kwenye neno moja na ulifuate linavyopanda. Likipanda laini, kasi ni namba kamili. Likisita na kuruka kwa mpangilio unaojirudia, rudi kwenye hesabu. Urefu wa orodha unaweza kubadilishwa kwa kuongeza au kupunguza nafasi kati ya idara, lakini kasi ibaki namba kamili.

Kadi badala ya orodha

Kwa filamu fupi kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ni kadi tulivu. Majina 46 yanaenea katika kadi nane, wastani wa majina sita kwa kadi. Kila kadi ikipewa mapigo sita, ina fremu 120, sekunde 4.8. Kadi nane ni sekunde 38.4.

Kwa kadi, *Kalafati* inakuwa dakika 14 na sekunde 44. Imeingia Cannes ikiwa na akiba ya zaidi ya sekunde 15, na hakuna jina lililofutwa wala tukio lililokatwa. Kwa kuwa kadi haziendi popote, herufi hazitetemeki, na zinaweza kuwa kubwa kiasi cha kusomeka hata kwenye simu, ambako wengi wataitazama filamu baada ya matamasha.

Mpangilio wa kadi nane unaweza kuwa huu: watayarishaji, waigizaji, picha na taa, sauti, mandhari pamoja na mavazi na vipodozi, uhariri na rangi, muziki, kisha shukrani, mwaka na hakimiliki. Waigizaji wakiwa wengi, kadi yao ipewe mapigo manane, na ile yenye watu watatu ipewe manne. Jumla inabaki ile ile.

Maandishi yote yakae ndani ya ukingo wa usalama. Kanuni ya watangazaji wa Ulaya inataka asilimia 5 iachwe wazi kila upande. Kwenye skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080, hizo ni nukta 96 kushoto na kulia, na 54 juu na chini. Televisheni nyingi bado hukata kingo za picha, na jina la fundi taa likiwa pembeni mno linakatwa nazo.

Wapo wanaoipendelea orodha inayopanda, na wana sababu. Inaonekana ni ya kisinema, na jina likisahaulika linaongezwa bila kupanga upya kadi zote. Kwa filamu ndefu yenye mamia ya watu, hakuna njia nyingine ya maana. Lakini filamu ya watu 46 inayopigania sekunde haina haja ya kuiga filamu ya watu 600.

Muziki wa mwisho na idhini mbili

Muziki wa mwisho una hatari yake: kuanza pale hadithi inapokatika, kama redio iliyowashwa na mtu mwingine. Katika *Kalafati* umeandikwa kuanza mizunguko miwili kabla ya giza, chini ya picha ya mwisho. Kijana ameshika nyundo. Anapiga mara moja. Udi unaingia hapo, M2, na sekunde 6.4 baadaye skrini inakuwa nyeusi na kadi ya kwanza inatokea juu ya pigo.

Kwa hiyo M2 ina mizunguko 14: miwili chini ya picha, kumi na miwili chini ya majina. Jumla ni sekunde 44.8. Mtunzi akipewa namba hiyo mapema, ataandika mwisho halisi wa muziki, uzi wa mwisho ukilia chini ya kadi ya hakimiliki. Asipopewa, mhariri atachukua wimbo wa dakika nne na kuufifisha katikati ya ubeti, na kila mtu ukumbini atasikia kwamba umekatwa.

Wapo waongozaji wanaotaka wimbo maarufu mahali hapo, na mvuto wake haukataliki. Lakini wimbo uliokwisha kurekodiwa una haki mbili tofauti. Ya kwanza ni ya mtunzi wa wimbo na maneno yake. Ya pili ni ya mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni studio au kampuni iliyogharimia. Idhini ya mwimbaji peke yake, hata ikiwa ya maandishi, inaweza isitoshe, kwa sababu huenda hamiliki hata moja kati ya hizo mbili.

Idhini yenyewe ina mipaka. Ikisema ni ya matamasha kwa mwaka mmoja, filamu ikiwekwa YouTube mwaka wa tatu imevunja makubaliano. Mfumo wa YouTube hutambua rekodi wenyewe, na mwenye haki anaweza kuizuia filamu nzima kwa ajili ya sekunde 40 za mwisho wake. Mkataba utaje nchi, muda, na mahali pote ambapo filamu itaonyeshwa, mitandao ikiwamo.

Hata muziki unaotolewa bure una sharti. Leseni ya `CC BY 4.0` inaruhusu matumizi, lakini inadai mtunzi atajwe na leseni itajwe. Mahali pake ni kadi ya saba. Ukiufuta mstari huo ili kuokoa nafasi, umeipoteza ruhusa yenyewe.

Sheria za Afrika Mashariki zimeligusa suala hili la jina waziwazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, chini ya COSOZA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001. Pamoja na haki ya kulipwa, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Haki hiyo ya jina ndiyo inayolindwa na kadi ya mwisho.

Pamoja na filamu, mtayarishaji aandae karatasi moja ya muziki uliotumika. Kwa *Kalafati* ina mistari miwili tu. M1: muziki wa utangulizi, unaingia sekunde 6 fremu 10, urefu sekunde 25.6. M2: muziki wa mwisho, urefu sekunde 44.8. Mbele ya kila mstari liandikwe jina la mtunzi, mpigaji na mwenye rekodi. Televisheni ikiinunua filamu, karatasi hiyo ndiyo inayoeleza nani alipwe mirabaha na kwa sekunde ngapi.

Kabla ya kutoa nakala ya mwisho

Kazi tatu hazifai kuachwa kwa usiku wa mwisho.

Kwanza, orodha ya majina ianze siku mtu wa kwanza anapokubali kazi, na aishike mtu mmoja. Kila anayeongezeka aandike jina lake kwa mkono wake, jinsi anavyotaka lionekane, pamoja na cheo chake. Hadija na Khadija ni watu wawili mbele ya mwajiri anayetafuta kazi zao mtandaoni. Kabla ya kufunga, kila mmoja apelekewe kadi yake aisome na kuithibitisha.

Pili, itunzwe nakala ya filamu isiyo na maandishi yoyote. Mnunuzi wa Ufaransa au wa Oman akitaka majina ya mwanzo kwa lugha yake, nakala hiyo ndiyo itakayotumika. Bila hiyo, itabidi kuurudia utangulizi wote, au kuandika juu ya herufi zilizokwisha kuchomwa kwenye picha.

Tatu, masharti ya tamasha yasomwe kabla ya skripti kufungwa. Cannes ina dakika 15. Tuzo za Oscar zinaikubali filamu fupi hadi dakika 40. Zote mbili zinahesabu majina. Anayelenga dakika 15 aandike hadithi ya dakika 14, na dakika inayobaki aigawe tangu mwanzo kati ya utangulizi na mwisho.

Kwa watayarishaji wanaojiandaa kupiga picha, ombi ni dogo. Ongezeni kurasa mbili kwenye skripti zenu, moja mwanzoni na moja mwishoni. Andikeni humo kila kadi, sekunde na fremu yake, na mahali muziki unapoingia na kutoka. Kisha wapeni mpiga picha, mtunzi na mhariri nakala siku moja na waigizaji. Aliyefanya kazi yake kwa ukamilifu ana haki ya jina linalosomeka, na haki hiyo hutimizwa kwenye skripti, wakati sekunde za kugawa zingalipo.